Moshi wa Sufuria Tupu

Mwezi uliopita nilivuka ziwa hadi Nansio, nikaendelea hadi Rutare kumzika Mama Nyangeta, na tangu nirudi nyumbani kwangu Buswelu siwezi kuipita sufuria iliyofunikwa bila kuifunua. Wajukuu wananicheka, wanasema bibi amekuwa mdokozi uzeeni. Nawaacha wacheke. Siku ya pili ya matanga nilikuwa nimekaa chini ya turubai na mjukuu wa marehemu, kijana mwenye miwani anayefundisha chuo hapa Mwanza, na somo lake ni migogoro na usuluhishi wake. Alikuwa amesikia habari za mwaka ule wa ugomvi kwenye mwalo wetu wa Rutare, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na alitaka kunieleza mimi niliyekuwepo. Sikumkatiza, maana vijana wakisoma wana raha yao. Alisema wasomi wamegundua kwamba watu hawaendi kwenye mazungumzo kwa sababu wameletewa hoja nzuri. Huenda wakati ukifika, na wakati hufika pande zote mbili zinapokwama: huyu hawezi kushinda, yule hawezi kushinda, na kukaa pale pale kunawaumiza wote. Tena haitoshi kuumia, alisema, lazima kila mmoja aone kwamba ameumia na hatoki peke yake, halafu ahisi kwamba upande wa pili nao uko tayari kutafuta mlango. "Hapo ndipo tunasema mgogoro umeiva, bibi." Nilimwambia naelewa, nimepasua majipu miaka thelathini na nne. Jipu bichi ukilikamua unasambaza usaha mwilini. Alifurahi sana, akaandika kwenye simu yake. Pembeni yangu alikaa Nyabise, mama mtu mzima sasa, akichambua mchele kwenye ungo. Alisikia kila neno na hakuinua uso.

Mimi nilifika Rutare nikiwa na miaka ishirini na mitano, nesi mpya wa zahanati, na sanduku la bati lililonunuliwa Mabatini. Hapakuwa na nyumba ya mtumishi, kwa hiyo nilipangishwa chumba kwa Mama Nyangeta. Kilikuwa na dirisha moja la mbao, na ukilifungua unaona mawe. Nasema mawe, lakini usifikirie vijiwe vya kurushia ndege. Ni miamba mipana iliyolala kama sakafu kutoka nyumba za wanawake hadi karibu na maji, na juu yake ndipo dagaa walipoanikwa. Kila jiwe lilikuwa na mwenyewe. Mkwe alirithi kwa mama mkwe, na mwanamke aliyeolewa Rutare alionyeshwa jiwe lake kabla ya kuonyeshwa kisima. Wanaume walikuwa na mitumbwi, nyavu na taa za karabai, wanawake walikuwa na mawe. Dagaa huvuliwa siku za giza, mwezi ukiwa haupo, kwa sababu hufuata mwanga wa taa, na mbalamwezi ikija watu hupumzika na kushona nyavu. Kwa hiyo pale hatukuhesabu wiki. Tulisema giza hili, giza lililopita. Asubuhi mitumbwi ikirudi, wanawake walikuwa wa kwanza kununua, ndoo kwa ndoo, wakaanika, wakageuza, na jioni nyumba nzima ilinuka dagaa wakavu, mto wangu, kanzu yangu nyeupe, hata chai.

Kisha biashara ikafunguliwa, kama tulivyosema wakati ule, na wanunuzi wa mjini wakaanza kuja na boti kubwa kutafuta dagaa wa kutengenezea chakula cha kuku. Walitaka mzigo wote kwa mkupuo. Matajiri, ndivyo wenye mitumbwi wanavyoitwa kule hata kama suruali ina viraka, waliona maisha yamewafungukia. Mkubwa wao alikuwa Mzee Magesa, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye nyumba yake ilikuwa juu kwenye mwinuko karibu na zahanati. Waliacha kuwauzia wanawake, wakaleta vibarua wao wa kuanika, na vibarua wakaanika wapi? Kwenye mawe ya wanawake. Asubuhi moja Mama Nyangeta alishuka na ufagio wa chelewa, akafagia dagaa wa Magesa kutoka kwenye jiwe lake hadi mchangani, taratibu, kama mtu anayefagia uwanja wake siku ya Jumamosi. Magesa alisimama anamwangalia. Aliapa kwamba hakuna ndoo itakayoingia mkononi mwa mwanamke wa Rutare. Mama Nyangeta akajibu kwamba hakuna dagaa atakayelala juu ya jiwe. Dagaa aliyeanikwa mchangani hujaa mchanga, na mvua ikimkuta huoza kabla ya mchana. Lakini mwanamke mwenye jiwe bila samaki ana nini? Ana jiwe.

Giza la kwanza lilikuwa karibu furaha, na naona aibu kukiri hivyo. Kila upande ulijua kwamba utashinda. Jioni nilisikia kupitia ukutani wanawake wakicheka: "Wataleta wenyewe ndoo, na wataomba tuzipokee." Asubuhi yake Magesa alikuja zahanati kupima presha, akaniambia bila kuulizwa, "Nesi, wale mama zako wataona njaa giza hili hili." Mtendaji wa kata, mtu mwema aliyependa mambo yaishe haraka, aliita kikao darasani shuleni. Akachinja mbuzi. Upande wa wanawake alimweka azungumze mwenyekiti wa akina mama wa kata, ambaye aliuza soda Nansio na hakuwa na jiwe hata la kusugulia mguu. Magesa alisimama akasema, "Nimekuja kusikia mnatoka lini kwenye mawe." Mama muuza soda akakubali kwamba mawe yagawanywe nusu kwa nusu, watu wakapiga makofi, wakala mbuzi. Habari ilipofika kwenye mawe, Mama Nyangeta aliuliza, "Ametoa nusu ya jiwe la nani?" Mapatano yale yalidumu siku mbili. Na ubaya wake haukuwa kuvunjika tu. Tangu siku ile, kila aliyetaja mazungumzo alijibiwa kwamba tulishazungumza, mbuzi akaliwa, na wenzetu si watu. Mtendaji alikamua jipu bichi.

Giza la pili ndilo langu, na hapa siwezi kumsingizia mtu. Matajiri walipata mlango wa nyuma: walihamishia mitumbwi mwalo wa ng'ambo ya ghuba, na mnunuzi mmoja akawapa mafuta ya taa ili wasikate tamaa. Wanawake nao walipata mlango wao, na mlango huo ulikuwa mimi. Misheni ilituletea magunia ya unga wa lishe kwa watoto waliopungua uzito. Jumatano, siku ya kliniki, niligawa kwa haki kabisa, mtoto na kadi yake. Lakini alasiri nilikuwa narudi nyumbani, nyumbani ni kwa Mama Nyangeta, na Mama Nyangeta alinipa ugali wa muhogo na matembele, akasubiri nishibe kwanza ndipo yeye alambe mwiko. Ningefanyaje? Nilianza kushuka na ndoo ya unga chini ya kanga. Kwanza kwa nyumba yake, halafu kwa jirani, halafu kwa mawe yote. Huruma haikuniuliza hesabu. Uji ukachemka, watoto wakalala, na wanawake wakaweza kuvumilia giza zima. Wake wa matajiri na wa wavuvi waliniona nikipita, maana ndoo haijifichi chini ya kanga. Magesa aliniambia siku moja, huku namfunga kile kitambaa cha presha, "Kumbe misheni nayo ina upande." Kwa hasira ile aliendeleza ugomvi hadi giza la tatu. Nilidhani nazuia maumivu, kumbe nilikuwa nayarefusha, na nilikuwa nimeupaka unga rangi ya upande mmoja.

Ndipo ilipokuja mvua, na milango ikaanza kufungwa mmoja mmoja. Mwalo wa ng'ambo nao ulikuwa na wanawake wake na mawe yao, wakawafukuza wageni. Dagaa wa mchangani wakaoza kwa mafungu, mwalo ukanuka hadi zahanati, na boti ya mnunuzi ikaanza kupita mbali bila kutia nanga. Magunia ya misheni yalichelewa, nikabaki na gunia moja. Ungetegemea basi kwamba watu wangekaa wazungumze. Wangekaa, kama wangejuana hali. Lakini watu wetu wana ugonjwa mmoja ambao sijaupatia dawa: afadhali ufe kuliko jirani ajue hukupika. Kila siku saa tano Mama Nyangeta alipita nyumba kwa nyumba akisema, "Washeni." Wanawake waliwasha moto, wakaweka majani mabichi ili moshi uwe mzito, wakabandika sufuria ya maji matupu, wakafunika. Kutoka mwinuko wa Magesa ulionekana moshi wa nyumba zote, mwembamba na mrefu, kama kijiji cha watu wanaosubiri wali. Matajiri nao walikuwa na lao. Siku ambayo boti ilikubali kusogea, walibeba magunia mabegani wakiimba, mmoja mmoja, na Mama Nyangeta akiyahesabu kutoka dirishani kwangu. "Bado wanauza," alisema, na mabega yake yakashuka. Mimi nilijua, kwa sababu mvuvi mmoja alikuja kufungwa kidonda cha bega akanicheka nilipomwonea huruma ya mzigo. "Nyasi, nesi," alisema. "Tunabeba nyasi. Dagaa ni magunia mawili ya mbele tu."

Kwa hiyo fikiria mtu wa miaka ishirini na mitano amekaa katikati. Magesa anakuja kuomba vidonge vya tumbo, kwa sababu halali usiku wala hali chakula, anasema, "Isitoke humu." Mama Nyangeta ananishika mkono jikoni, anasema, "Ukiwa kule juu usiseme tunachochemsha." Nilifundishwa kutunza siri za mgonjwa na nilizitunza. Nilikuwa na siri mbili ambazo zikiwekwa meza moja ugomvi unaisha, nikazifungia kila moja kwenye kabati lake. Yule kijana wa chuo alisema kitu cha kweli kuliko anavyojua: waliumia wote, lakini kila upande uliona maumivu yake tu, na maumivu yako peke yako hayakufundishi kuzungumza. Yanakufundisha kukaza meno, kwa sababu unadhani mwenzako ndiye anayekaribia kushinda, na kwamba ukilegea leo yote uliyopoteza umeyapoteza bure.

Mizani yangu haikudanganywa na moshi wala nyasi. Ilining'inia kwenye boriti ya kibaraza, na chini yake benchi mbili. Zamani mama walikaa walivyofika. Giza la tatu benchi moja ilikuwa ya mawe, nyingine ya mitumbwi, na aliyekosa nafasi alisimama. Nilitia nukta kwenye kadi, nukta za benchi hii zikishuka, nukta za benchi ile zikishuka. Nyabise alikaa benchi ya mitumbwi. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mumewe Masatu alivua kwenye mtumbwi wa Magesa, na wavuvi kule hawana mshahara, wana sehemu ya samaki. Samaki akioza, tajiri anakosa faida na mvuvi anakosa chakula. Mtoto wao aliitwa Bwire, mwaka mmoja na miezi miwili, na alikuwa na tabia ya kushika kamba ya mizani kwa mikono miwili kama mtu anayevuta wavu. Jumatano ile hakuishika. Nukta yake iliangukia chini ya mstari wa mwisho. Nilichota unga kwenye lile gunia moja nikamfungia kwenye karatasi. Nyabise aliuangalia, akaangalia wanawake wa benchi yake. "Mume wangu amekataza," alisema polepole. "Ule ni unga wa wanawake wa mawe." Nilimwambia ni unga wa Bwire. Akasema, "Nesi, ungekuwa wa Bwire ningeuona kwetu giza lililopita." Akaondoka naye mgongoni. Nilimfuata nyumbani Ijumaa, na Jumamosi, na maji ya chumvi na sukari. Jumapili alfajiri Bwire alifariki.

Kwetu msiba hauna upande. Hata aliyeapa dhidi yako atakuja kwenye msiba wako, na hatakuja mikono mitupu: wanawake huleta vyakula vilivyopikwa, wenye mitumbwi huleta dagaa kwa vikapu, na mama wa nyumba ya msiba hagusi jiko. Mchana ule walishuka na kupanda, wote. Wanawake wa mawe walikuja kwa mstari na sufuria kichwani, zimefunikwa na kufungwa kanga. Matajiri walikuja na vikapu vimefunikwa majani ya mgomba. Viliwekwa vyote mkekani, na baada ya mazishi dada yake Masatu, aliyekuwa ametoka Musoma na hakujua lolote, alianza kugawa chakula. Alifungua sufuria ya kwanza. Maji, na majani machache ya matembele yakielea. Akafungua ya pili, maji. Alidhani amekosea, akageukia kikapu, akaondoa majani ya mgomba, akaweka mkono, dagaa kiganja kimoja juu na chini nyasi kavu hadi mwisho. Alifungua vyote. Hakuna aliyemzuia. Watu wazima wanaume kwa wanawake walikaa wanaangalia vyombo vyao vikifunuliwa kwenye msiba wa mtoto.

Mama Nyangeta ndiye aliyesema. "Magesa, na wewe?"

"Na mimi," Magesa alisema. Kisha akaongeza, "Nilihesabu moshi wako kila siku."

"Na mimi magunia yako."

Sikuona mtu yeyote akisamehe. Hakuna aliyelia kwa ajili ya mwenzake, kila mmoja alilia kwa aibu yake. Lakini niliona nyuso zikibadilika, na sasa najua zilikuwa zinasoma nini: huyu naye amekwama, hanishindi, na ameniambia ukweli, basi labda anaweza kuambiwa neno. Magesa aliuliza kama zahanati ina nafasi. Nilisema ipo. Walikuja siku tatu baada ya mazishi, wakakaa kwenye benchi zangu chini ya mizani, yeye kwa matajiri, Mama Nyangeta kwa mawe, na safari hii hakuna aliyeuliza nani amemtuma nani, kwa sababu wale wawili wakisema neno watu wao walilifuata. Hawakuwa na jibu walipokaa. Walikuwa na jambo moja tu, kwamba mnunuzi ametuma salamu kuwa giza lijalo akikuta uozo hatarudi tena Rutare. Mtendaji alikuja akakaa mlangoni, akawa na busara ya kunyamaza. Siku ya pili mazungumzo yalikaribia kuvunjika kabisa: Magesa alidai vibarua wake wabaki, wanawake wakainuka, na Masatu, ambaye hakualikwa, akasimama mlangoni akawaangalia mmoja mmoja. Wakakaa tena. Nataka yule mwalimu wa chuo aliandike na hili: jipu kuiva si kupasuka. Lilihitaji mkono wa kulipasua. Siku ya tatu walikubaliana kwamba kila mtumbwi utakuwa na mawe yake maalumu, mwenye jiwe atapata ndoo zake za kwanza, na mzigo wa mnunuzi utaanikwa na wanawake hao hao kwa malipo ya samaki. Kila mbalamwezi watakutana kusikilizana. Kitu ambacho wangeweza kukipata giza la kwanza, nilisema kwa uchungu mwaka ule, na kwa miaka mingi nikaendelea kusema hivyo. Sasa nadhani wasingeweza. Giza la kwanza mtu angewapa mapatano hayo hayo neno kwa neno wangeyakataa, kwa sababu kila mmoja alikuwa bado anaona ushindi. Lakini giza la pili? Bila ndoo yangu? Labda wangefika wakati Bwire bado anashika kamba. Au labda wangekufa watoto watatu badala ya mmoja. Nimeligeuza swali hili hadi limechakaa na halijanijibu. Ninachojua ni kwamba kama ndoo ingepita milango yote mchana kweupe, Nyabise angepokea unga ule.

Chini ya turubai kijana alikuwa anamalizia maelezo yake. Alisema kwa sauti ya upole kwamba kwa bahati mbaya lazima gharama ifike kiwango cha kutosha ndipo pande zote zione.

Nyabise aliweka ungo chini. "Kiwango cha kutosha," alisema. "Baba, mlioandika hayo, mlimpima nani?"

Mimi nilijua aliyepimwa, kwa sababu nilishika mizani. Nilimwambia Nyabise hapo hapo, mbele ya mjukuu wa Mama Nyangeta, kile ambacho sikuwahi kumwambia: kwamba niligawa unga kwa upendeleo, kwamba najua, kwamba kadi ya Bwire ninayo kwenye sanduku langu la bati na sikuthubutu kuirudisha. Alinisikiliza hadi mwisho. "Najua unayo," alisema. "Ikae. Kwangu ingeliwa na mchwa." Kisha akaniambia ninyanyuke, chakula tayari.

Rutare wana desturi moja. Kwenye msiba hakuna chombo kinachogawiwa kabla hakijafunuliwa mbele ya watu wote, sufuria na vikapu, kimoja kimoja, watu wakiangalia ndani. Kijana wa chuo alininong'oneza kwamba ni mila ya kale ya visiwani, ameikuta hivyo tangu azaliwe. Sikumsahihisha. Nyabise alisimama kwenye mkeka penye sufuria kubwa ya wali, akanitafuta kwa macho kati ya watu wote wale.

"Nesi," aliniita. "Njoo ufunue wewe."

Nilifunua. Ilikuwa imejaa, na mvuke ulinipiga usoni. Watu walitazama wakaridhika, wakaanza kunawa mikono. Nyabise alibaki ameinama, anaangalia ndani ya sufuria ile, muda mrefu kuliko wote, na mimi nilishika mfuniko hadi alipomaliza.